Shilingi ikishuka thamani: kwa nini petroli, dawa na pasi havipandi sawasawa

Wengi wakisikia "shilingi imeshuka" wanajua tu vitu vimepanda bei, basi. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Vitu kupanda bei kwa ujumla ndo mfumuko wa bei, na unaweza kutokea hata dola ikiwa imetulia kabisa, mfano mvua zikigoma mpunga wa Igunga ukaadimika. Shilingi kushuka thamani ni jambo moja: dola uliyokuwa unainunua kwa shilingi kadhaa sasa unaitolea shilingi nyingi zaidi. Hapa Tanzania katikati ya 2022 dola moja ilikuwa inacheza kwenye 2,300 hivi, ikaja Septemba na Oktoba 2024 ikawa imevuka 2,700. Noti yako ni ile ile, ila kwa mtu anayeenda kununua mzigo nje haina nguvu ile ile.

Hapo kwenye 2,300 kwenda 2,700 huwa kuna ubishi wa asilimia, mmoja anasema 17 mwingine 15, na wote wako sahihi. Dola imepanda 17% (umeongeza 400 juu ya 2,300), ila shilingi yenyewe imepoteza 15% ya uwezo wake wa kununua dola. Shika hizo namba mbili maana kila moja ina kazi yake huko mbele.

Watu wa Tabora dola hatufundishwi na mtu. Kule Urambo na Kaliua mkulima wa tumbaku kwa miaka mingi kilo yake imepangiwa bei kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda msimu wa masoko kuna AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinachekelea. Ila mbolea anayokopeshwa nayo imetoka nje kwa dola, na hela akishapokea anaenda nayo madukani, na madukani ndo stori yenyewe ilipo. Nchi inapata dola kwa dhahabu, watalii, korosho, kahawa, tumbaku na vingine, na inazitumia kwa mafuta, mitambo, dawa, mbolea, na huu mzigo wote unaouona umepangwa maduka ya jumla. Wanaotafuta dola wakiwa wengi kuliko dola zilizopo, bei yake inapanda kama ya kitu kingine chochote sokoni. Ndo maana mara nyingi nusu ya kwanza ya mwaka shilingi inakuwa dhaifu, halafu watalii wakijaa na mazao yakiuzwa nusu ya pili inapata nafuu.

Sasa swali ambalo mi naona ndo la msingi, na watu hawaliulizi: ndani ya bei ya kitu unachonunua, ni sehemu gani iko kwenye dola na ni sehemu gani iko kwenye shilingi? Maana dola inagusa ile sehemu yake tu. Tuchukue vitu vitatu, dola itoke 2,300 iende 2,700, na hizi bei za vitu nimeziweka za mfano ili hesabu ionekane.

Lita ya petroli. Tuseme mpaka inafika bandarini inagharimu dola 0.75. Kwa dola ya 2,300 hiyo ni shilingi 1,725, kwa dola ya 2,700 ni 2,025, kwa hiyo imeongezeka 300 kabla hata haijatoka Dar. Lakini bei ya sheli sio hiyo peke yake. Kuna tozo ya barabara, ushuru wa bidhaa na tozo ya petroli, na hizi zinakatwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, hazijali dola imelala wapi. Kuna faida ya kampuni na ya mwenye sheli, halafu kuna usafiri wa kuleta mafuta huku, na Dar mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800, ndo maana lita yetu siku zote iko juu kuliko ya Dar. Tuseme hivyo vyote jumla ni 1,250. Lita ilikuwa 2,975, sasa ni 3,275. Imepanda kama 10%, wakati dola imepanda 17%. Yaani zile tozo tunazozilalamikia kila siku, kwenye hili zinafanya kazi ya kupunguza makali, kwa sababu zenyewe zimesimama pale pale.

Kitu kingine kuhusu mafuta ni kwamba yanachelewa. EWURA, wale wanaosimamia bei za mafuta nchini, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo inahesabiwa kwa mzigo ambao ulishaingia nchini, kwa hiyo dola ikipaa leo we bado unajaza kwa bei ya zamani, mwezi unaofuata au ule wa pili ndo unashtuka. Na usikimbilie kulaumu dola kila ikipanda, manake mafuta yenyewe yanapanda na kushuka soko la dunia, yakishuka huko wakati shilingi nayo inashuka huku unaweza usihisi kitu. Ukitaka kujua kilichotokea ni kipi, soma tangazo lenyewe usiishie kwenye jedwali la bei, huwa wanaeleza bei ya soko la dunia imeendaje, gharama za uagizaji zimeendaje na dola imeendaje.

Pasi ya umeme. Hapa mambo yanageuka. Tuseme pasi imefika bandarini kwa dola 10. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, kwenye viwango vya Afrika Mashariki, ni 25%, na juu yake kuna VAT 18%. Huu ushuru ni wa asilimia, sio shilingi kadhaa kwa kila pasi. Kwa dola ya 2,300: thamani 23,000, ushuru 5,750, VAT 5,175, jumla 33,925. Kwa dola ya 2,700: thamani 27,000, ushuru 6,750, VAT 6,075, jumla 39,825. Ona sasa, dola yenyewe imeongeza 4,000 tu lakini mfanyabiashara ametoa 5,900 zaidi, kwa sababu kodi nayo inahesabiwa juu ya ile namba kubwa. Hakuna aliyepandisha kodi, bungeni hakijasemwa kitu, ila kodi kwa shilingi imepanda yenyewe. Hapo bado faida yake na nauli ya lori, na lori lenyewe linatembea kwa dizeli ambayo nayo tushaona.

Dawa ndo inaniuma zaidi. Dawa nyingi za binadamu hazitozwi ushuru wa forodha wala VAT, na ni sawa isitozwe, ila maana yake karibu gharama yote ya mwanzo iko kwenye dola, hakuna sehemu kubwa iliyosimama kwa shilingi kama kwenye petroli. Nyingi zinatoka India, na hata viwanda vya ndani vinaagiza malighafi kutoka huko na China, kwa hiyo ukiona imeandikwa imetengenezwa Tanzania usidhani dola haiihusu.

Chukua dawa ya presha, boksi la vidonge 100 limeingia kwa dola 2. Ilikuwa 4,600, sasa 5,400. Muagizaji anaweka 20% yake, duka la dawa linaweka 30%, na faida ikiwa ya asilimia inakua pamoja na dola. Boksi linalomfikia mgonjwa lilikuwa 7,176 sasa 8,424. Lakini mgonjwa wa kwetu hanunui boksi, ananunua pakti ya vidonge kumi. Zamani ilimfikia kama 717, muuzaji akauza 700 akavumilia faida kupungua kidogo. Sasa ni 842, na hakuna mtu anatoa 842, muuzaji anaweka 900.

"Dada, mbona juzi ilikuwa mia saba?"

"Mama yangu, hata mimi nimeshangaa huko jumla, we chukua tu hizi zimebaki."

Kutoka 700 kwenda 900 ni karibu 29%. Dola imepanda 17. Ile tofauti ni chenji tu, yaani kukosa sarafu za kugawanya, na inamkuta anayenunua kidogo kidogo kuliko aliyenunua boksi zima. Na anayenunua kidogo kidogo ndo asiye na hela. Matokeo yake mtu wa presha aliyekuwa anachukua pakti tatu za mwezi anachukua mbili, zile siku kumi za mwisho anakaa hivi hivi.

Kwa dawa za serikali ile namba ya pili ndo inafanya kazi, ile 15%. Bajeti inapitishwa kwa shilingi na ndo hiyo mpaka mwaka uishe. Shilingi milioni 46 zilikuwa zinaleta maboksi 10,000 ya hiyo dawa ya 4,600, sasa boksi likiwa 5,400 zinaleta kama 8,500. Hujaona bei ikipanda popote, hakuna risiti, kilichotokea ni kwamba maboksi 1,500 hayapo na mgonjwa anaambiwa dawa imeisha akanunue nje. Kwa hiyo ukipima makali ya dola kwa kuangalia bei peke yake, hapa utakosea.

Vya humu humu navyo vinaguswa ila kwa kuzunguka. Asali ya Sikonge haijatoka nje, lakini ndoo yake imetengenezwa kwa plastiki ya kuagizwa na pikipiki iliyoitoa porini inakunywa petroli. Hapa kupanda ni kidogo na kunachelewa sana, ukiona muuzaji kapandisha asali kwa 20% wiki hiyo hiyo dola ilipopanda, huyo kapata kisingizio tu.

Swali ambalo kila mtu anauliza ni kwa nini shilingi ikipata nguvu bei hazirudi. Desemba 2024 dola ilishuka hadi karibu 2,400, ni anguko kubwa kwa muda mfupi sana, na madukani watu walikuwa wanasubiri. Petroli ndo rahisi kuonekana ikishuka kwa sababu hesabu yake inarudiwa kila mwezi na mtu mwingine, sio muuzaji. Mwenye duka la pasi ana mzigo alioununua kwa dola ya 2,700 na anataka hela yake kwanza, na akishaumaliza anaogopa kuuza mwingine kwa bei ya chini dola isije ikamgeukia. Hakuwa anaota, maana kufikia Aprili na Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na 2,700. Sitetei wafanyabiashara, wapo wanaokula tu, lakini kumtofautisha sio kazi ngumu. Muulize mzigo umeingia lini. Kama ni mpya, umekuja dola ikiwa chini, na jirani yake mwenye pasi ile ile kashusha, hapo una sababu ya kuvuta bei. Kama ni stoo ya zamani yenye vumbi juu, utabishana naye mpaka jioni, na pengine hesabu iko upande wake.