Kadi ya waranti: kitu cha kuangalia kabla ya kununua saa nje ya wakala

Wateja wengi wanaoniletea saa hapa Ngamiani huuliza swali moja tu: ni orijino au feki? Kwa saa ya bei kubwa swali hilo halitoshi. Saa inaweza kuwa orijino kabisa, imetoka kiwandani Uswisi au Japani, na bado kiwanda kisiwajibike nayo.

Wakala aliyeidhinishwa ana mkataba na kampuni. Muuzaji wa pembeni hana. Yeye hununua saa halali, mara nyingi kutoka kwa wakala wa nchi nyingine aliyebakiwa na mzigo, kisha huziuza kwa bei ya chini. Si mwizi, wala bidhaa yake si bandia. Kinachobadilika ni nani atakayeitengeneza saa ikiharibika.

Rolex, Omega na Tudor hutoa waranti ya miaka 5. Miaka hiyo huanza siku ambayo wakala alimuuzia mnunuzi wa kwanza, na tarehe ndiyo inayowekwa kwenye kadi. Wewe ukinunua baadaye, unapokea muda uliobaki.

Kuna kijana wa hapa anayefanya kazi za bandarini, alinunua saa ya otomatiki kwa muuzaji wa pembeni Dubai, Desemba 2024. Baada ya miezi michache ikaanza kusimama usiku, ingawa alikuwa ameivaa mchana kutwa. Akaniuliza, "Fundi, si ina waranti ya miaka 5? Sasa shida iko wapi?"

Nilianza na kipimo kisichohitaji kuifungua. Niliijaza kwa mkono mpaka ikajaa, nikailaza mezani bila kuivaa. Ilitembea saa zote zilizoandikwa kwenye kijitabu chake. Maana yake spring kuu ni nzima, na hata mashine yenyewe inatembea vizuri. Kasoro iko kwenye sehemu inayoijaza saa mkono unapotikisika: kile kipande kizito kinachozunguka, au gia zake. Ningeweza kuifungua siku ileile, lakini sikuigusa. Fundi asiye wa kampuni akishafungua mgongo, kampuni ina sababu ya kuikataa.

Tukatazama kadi. Ilikuwa na muhuri wa wakala wa Singapuri na tarehe ya Machi 2023. Kwa hiyo miezi 21 ilikuwa imekwisha kabla yeye hajalipa hata senti, na muda wake unaishia Machi 2028. Namba iliyo kwenye kadi ililingana na namba iliyochongwa kwenye saa. Waranti ilikuwa hai, na waranti hiyo ni ya kimataifa. Saa ikatumwa kituo cha kampuni, ikatengenezwa bure. Yeye alilipia usafirishaji.

Mambo yangekuwa mengine kama muuzaji angeizuia kadi, na wapo wanaoizuia ili kampuni isijue wakala gani aliyewatolea mzigo. Wengine hukwangua kabisa namba ya saa. Saa iliyokwanguliwa namba mimi namwambia mteja aiache, hata ikiwa nusu bei, kwa sababu kampuni zinaweza kukataa kuihudumia hata ukitaka kulipa mwenyewe, na siku ya kuiuza kila mnunuzi atahisi ni ya wizi.

Badala ya kadi, muuzaji wa aina hiyo hukupa waranti yake mwenyewe. Hiyo ni ahadi ya duka, na ina thamani iwapo duka litakuwepo. Soma nani atalipia posta ya kwenda na kurudi, na vipuri vitatoka wapi. Mafundi wake wakiweka kipuri kisicho cha kampuni, huko mbele kituo rasmi kinaweza kudai kibadilishwe kabla ya kuishika saa.

Fanya hesabu basi. Tuseme wakala anauza dola 6,000 na muuzaji wa pembeni 4,600, bila kadi. Umeokoa 1,400. Matengenezo kamili ya mashine tuseme ni dola 800. Ikiharibika mara moja bado umebaki na 600, ukitoa usafiri. Lakini kama tofauti ni dola 500, tengenezo moja linaimeza yote. Kwa tofauti ndogo namna hiyo mimi huwaambia wateja waende kwa wakala. Uhakikishe uwakala wenyewe kwenye orodha iliyo katika tovuti ya kampuni, usitegemee bango la dukani.

Ukiamua kwenda pembeni, omba picha ya kadi ikiwa kando ya saa, tarehe, muhuri na namba vikisomeka, kabla ya kutuma pesa. Wapo wanaoziba namba kwa kidole kwenye matangazo ya wazi, na hilo si kosa. Ila kwa mteja aliye tayari kulipa, muuzaji akiendelea kuificha, usilipe.