Nimero ni yake, lakini mwenye anaandika si yeye

Yaya yangu anauzisha vitenge ku soko ya Kadutu hapa Bukavu, na mwezi uliopita alipoteza dolare 80. Mesaje ilitoka ku WhatsApp ya mama mmoja mwenye bako naye mu likelemba, iko na foto yake, iko na nimero yake ileile: "Mama, niko na shida ya haraka, unisaidie 80, kesho saa ine nakurudishia, tuma kwa nimero hii juu yangu imebloke." Akatuma. Mangaribi anakutana na ule mama, ule mama hajui kitu. Tangu siku ile nasikia batu banasema maneno mengi yenye haiko kweli, ndiyo maana naandika.

Banasema: nimero ni yake, kwa hiyo ni yeye.

Hapana. Konti ya WhatsApp na karte SIM ni vitu mbili. Mwizi anaandika nimero ya ule mama ku telefone yake yeye mwizi, WhatsApp inatuma kode ya chifre 6 kwa SMS, na ile SMS inafika kwa mama juu SIM iko kwake. Sasa mwizi anamwandikia, mara nyingi kwa konti ya mtu mwengine yenye ameshaiba: "Samahani, nimetuma kode kwako kwa makosa, nirudishie." Akimupa tu, WhatsApp inatoka ku telefone ya mama na kuingia ku ya mwizi. Hakuna telefone yenye iliibiwa, na SIM ingali kwa mama.

Shika hii ya SIM, juu njia ya kuhakikisha inatoka pale.

Banasema: nilimupigia, hakushika, akaniandikia eti rezo ni mbaya.

Ulimupigia wapi? Kama ni apeli ya WhatsApp, ni mwizi ndiye ulipigia, na hawezi kushika juu utasikia sauti. Piga apeli ya kawaida, ya inite, kwa nimero yenye ulikuwa nayo zamani, si ile yenye anakupa leo. Hiyo inalia mu mufuko ya mwenyewe. Kama haipatikane, pigia bwana yake, mutoto wake, jirani wa ku meza yake, na ungoje. Yaya alikuwa na inite za kutosha, alisema tu aliona haya kumuuliza mama mwenye heshima kama ni yeye kweli. Ile haya ndiyo mwizi anategemea, na minaomba tuzoee kabisa kuulizana bila mtu kukasirika.

Na kuko jambo ingine, pengine ndiyo nzuri kuliko zote: mujibu "sawa, natuma kwa nimero yako hii hii." M-Pesa ao Airtel Money iko ku SIM, kwa hiyo ile franga ingeanguka kwa mwenyewe, mwizi hapate kitu. Utaona anaanza kukataa, eti SIM imebloke, eti ni ya ajenti, eti tuma kwa muganga moja kwa moja. Franga ikielekea kwa jina lingine, simama.

Banasema: nimuulize kitu chenye tuliongea mu WhatsApp, akijibu ni yeye.

Hapa inategemea. Kama mwizi aliingia kwa kode ya SMS, mazungumzo ya zamani haimufuate, anaona tu magrupe, ndiyo maana anaanzaka na batu ba likelemba, ba kwaya, ba famili. Lakini kuko njia ya pili: anakudanganya uskane ao uandike kode ya kuunganisha kompyuta yake, na pale wewe unaendelea kutumia WhatsApp kama kawaida, naye anasoma mesaje zako za karibuni. Ule anaweza kujibu, na hata kuiga namna unaandikaka. Basi uliza kitu chenye hakijaandikwa popote, mfano siku ya mwisho tulikaa kwa nani na tulikula nini. Vokali nayo usiiamini sana, anaweza kukutumia tena ya zamani.

Banasema: konti ikiisha kuibiwa, imeisha.

Haijaisha. Mwenyewe aandike nimero yake tena mu WhatsApp, apokee kode mupya ya SMS, aiingize, na mwizi anatolewa palepale. Kama WhatsApp inaomba PIN yenye mwizi aliweka, atangoja siku 7 ndiyo aingie bila ile PIN, lakini mwizi naye ameshatoka. Kisha afungue "Appareils connectés" aondoe kila kompyuta yenye hajui, na mu "Paramètres", "Compte", aweke "Vérification en deux étapes", PIN yake ya chifre 6 yenye hapatie mtu. Na mbele ya yote hayo, kwa dakika ya kwanza, apigie mtu mmoja wa kila grupe kwa apeli ya kawaida, aseme musitume franga. Ule mama wa likelemba aliona WhatsApp yake imetoka tangu asubui, akafikiri ni rezo.