Vipande vya DNA vinavyohama: kwa nini hindi lina madoa na zabibu nyeupe haina

Wakati wa mavuno ya Agosti, mzee mmoja wa Hombolo alinishikisha vishada viwili vya zabibu, kimoja chekundu na kimoja cheupe, akaniuliza: "Mwalimu, hiki cheupe kimepungukiwa nini?"

"Hakijapungukiwa, mzee. Kimezidishiwa."

Alicheka, akadhani nakwepa swali. Lakini ndivyo ilivyo. DNA ni kama maandishi marefu ya maagizo ndani ya seli, na kwenye DNA ya mzabibu mweupe kuna kipande cha herufi zaidi ya 10,000 kilichojipachika mahali ambapo hakikuwa na kazi, na ndicho kilichozima rangi. Vipande vya namna hiyo, vyenye uwezo wa kuhamia sehemu nyingine ya DNA, vinaitwa transposoni. Mimi napenda kuviita vipande vihamaji, maana jina hilo linaeleza lenyewe.

Vinahama kwa njia mbili. Mtu yeyote aliyewahi kuchapiwa barua kwenye duka la steshenari ameziona kwenye skrini. Ukikata aya na kuibandika ukurasa mwingine, pale ilipokuwa panabaki wazi. Ukiinakili na kuibandika, ya kwanza inabaki palepale na ya pili inaongezeka. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye mmea unaweza kuiona kwa macho bila hadubini.

Tuanze na kukata, na mfano wake mzuri ni hindi la rangi. Katika miaka ya 1940, mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, alikuwa akichunguza mahindi ambayo punje zake ni nyeupe zenye madoadoa ya zambarau. Rangi hiyo iko kwenye tabaka jembamba lililo chini tu ya ganda la punje. Kipande kihamaji kikiwa ndani ya jeni ya rangi, jeni inakatika katikati kama sentensi iliyoingiliwa na maneno ya mtu mwingine, na seli inabaki nyeupe. Kisha kimeng'enya kinachoitwa transposesi kinazitambua ncha mbili za kipande, kinazikata, na kipande kinaondoka kwenda kujipachika kwingine. Jeni inaungwa tena. Seli ile, na zote zitakazozaliwa nayo, zinapata rangi. Hilo ndilo doa.

Ukishajua hivyo, punje inasomeka. Doa kubwa maana yake kipande kiliondoka mapema, punje ingali changa, seli moja ikapata muda wa kuzaa nyingi. Doa dogo kama ncha ya sindano maana yake kiliondoka mwishoni. McClintock aligundua pia kwamba kipande kimoja, alichokiita Ds, hakihami peke yake. Kinategemea kingine, Ac, ambacho ndicho chenye maagizo ya kutengeneza transposesi. Ac isipokuwapo, Ds inakaa kimya na punje haina doa hata moja. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1983, miongo kadhaa baada ya watu wengi kumsikiliza kwa mashaka.

Mkato huo mara nyingi hauwi safi kabisa. Kipande kikiondoka huacha herufi chache za ziada pale kilipokuwa, kama shimo la msumari kwenye mlango. Wakati mwingine jeni hufanya kazi vizuri na alama hiyo, wakati mwingine inaharibika moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye zabibu. Kipande kilichoingia kwenye mzabibu mweupe kinaitwa Gret1, nacho ni retrotransposoni, yaani cha aina ya kunakili. Hakijikati. Seli hukinakili kwanza kuwa RNA, yaani nakala ya muda ya maagizo ya DNA, kama inavyofanya kwa jeni ya kawaida. Kisha kimeng'enya kingine kinaigeuza RNA hiyo kuwa DNA tena, na nakala hiyo mpya ndiyo inayopachikwa mahali papya. Chanzo kinabaki pale pale. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa Gret1 imeingia mwanzoni mwa jeni ya VvMYBA1, mahali panapowasha jeni hiyo. Kazi ya jeni hiyo ni kuamuru ngozi ya zabibu itengeneze rangi. Swichi imezibwa, amri haitoki, zabibu inabaki nyeupe. Jeni jirani yenye kazi hiyohiyo nayo iliharibika kwa sababu nyingine, kwa hiyo hakuna wa kushika zamu.

Hapo ndipo zabibu inapoachana na hindi. Kishada cheupe hakina madoadoa mekundu, kwa sababu kilichobandikwa kwa kunakili hakina namna ya kung'oka chenyewe. Kinaweza kuzaa nakala nyingine kwingine, lakini chenyewe hakiondoki.

Hata hivyo kuna mlango mmoja wa nyuma. Kila retrotransposoni ya aina ya Gret1 ina ncha mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na herufi 800 na ushei. Mara chache sana, seli inapofanya matengenezo ya DNA yake, inazichanganya ncha hizo mbili na kuziunganisha kuwa moja. Kila kilichokuwa katikati kinatupwa. Inabaki ncha moja, swichi inapata upenyo, na rangi inarudi. Ndivyo ilivyotokea kwa zabibu nyeupe inayoitwa Italia, ambayo ilichipua tawi lenye matunda mekundu huko Brazili, na tawi hilo sasa ni aina kamili, Ruby Okuyama. Maabara inalitambua kwa kupima urefu tu: kwenye Italia, eneo lile limerefushwa kwa herufi zaidi ya 10,000, kwenye Ruby Okuyama, kwa mia nane hivi.

Njia hizi mbili zinaathiri pia ukubwa wa jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Anayekata na kubandika haongezeki haraka. Huongezeka hasa akihama wakati DNA inanakiliwa, akatoka sehemu iliyokwisha nakiliwa kwenda ambayo bado, na hivyo akanakiliwa mara mbili. Anayenakili huongezeka kila safari. Chukua mtama na mahindi, ambavyo hapa Dodoma mtu anaweza kuvipanda shamba moja na ambavyo ni ndugu wa karibu. Jenomu ya mtama ina herufi milioni 730 hivi. Ya mahindi ina karibu milioni 2,300, na takribani asilimia 85 yake ni vipande vihamaji na mabaki yake, sehemu kubwa ikiwa ya aina ya kunakili. Hindi halina akili mara tatu ya mtama. Limejaa tu wageni. Wengi wao wamenyamazishwa, maana seli huweka alama za kikemikali juu ya DNA yao ili wasisomwe. Alama zikilegea, baadhi huamka.

Mzee alisikiliza yote hayo, akauliza la maana kuliko yangu: "Na mimi nikiona kishada chekundu kwenye mzabibu wangu mweupe?"

Nikamwambia asipande mbegu yake. Badiliko kama hilo linaweza kuwa kwenye tabaka la nje tu la tawi, na mbegu hutokana na tabaka la ndani. Afunge kamba kwenye tawi lenyewe, na siku ya kupogoa akate pingili kutoka hapo hapo.

"Kamba ipo," akasema, akainama kuokota sisali chini ya mzabibu.