Sauti ya pumzi, sauti ya mkwaruzo: ugonjwa au lugha tu?

Daktari, jirani yangu mwenye duka la vifaa hapa Mbeya ni Mgujarati. Akiongea na mkewe, maneno mengine yanatoka kama mtu aliyepandisha mlima. Nimemwambia akapime kifua, akacheka. Nani kati yetu ana makosa?

Yeye yuko sahihi, ila nakuelewa kwa nini ulishtuka. Ndani ya koromeo kuna nyuzi mbili za sauti. Ukiongea kawaida, nyuzi hizo hukutana na kuachana haraka sana, takribani mara 100 hadi 120 kwa sekunde kwa mwanaume na karibu mara 200 kwa mwanamke. Kila zikikutana, hewa inakatika. Sasa zikitetema huku zimeacha upenyo mdogo, hewa inavuja pembeni ya mlio, na sisi tunasikia sauti yenye upepo ndani yake. Tuiite sauti ya pumzi.

Kigujarati kinaitumia sauti hiyo kutenganisha maneno, kama sisi tunavyotenganisha "pata" na "bata". Neno *bar* likitamkwa kwa irabu safi ni kumi na mbili. Likitamkwa kwa irabu yenye pumzi ni nje. Hilo la pili huandikwa kama *bahar*, lakini wengi wakiongea ile h haisimami peke yake. Imemezwa na irabu, ikabaki pumzi tu. Wapo pia wanaoitamka yote kamili, kwa hiyo usitegemee kuisikia kwa kila Mgujarati.

Kama bado una wasiwasi, mwombe ahesabu moja hadi ishirini kwa Kiswahili. Kiswahili hakina irabu za namna hiyo, kwa hiyo pumzi itatoweka. Mgonjwa hawezi kufanya hivyo: upepo utamfuata katika lugha zote, hata akivuta "aaa" tupu. Hilo ndilo ninalolitazama kwanza mtu akiingia kliniki. Siulizi tu kama kuna pumzi, bali kama mwenyewe anaweza kuiondoa.

Binti yangu anasoma chuo Iringa. Siku hizi akimaliza sentensi sauti inashuka na kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Anasema ni mtindo. Ataharibu koo?

Mfano wako wa mlango ni mzuri kuliko maelezo ya vitabu vingi. Hapo nyuzi zimebanwa, zimekuwa fupi na nene, na zinapiga polepole tena bila mpangilio, pengine mara 20 hadi 70 kwa sekunde. Ndiyo maana sikio linaanza kusikia pigo mojamoja.

Watu wengi wenye afya njema hufanya hivyo mwisho wa sentensi, pumzi inapopungua. Kwa wengine ni lugha yenyewe. Wadenmaki wana *hun*, yaani yeye wa kike, na *hund*, yaani mbwa. Herufi d ya mwisho haitamkwi. Kwa matamshi ya kawaida ya huko kinachomtenganisha bibi na mbwa ni mkwaruzo huo mfupi kooni. Kule Mexico, Kimazateki cha Jalapa kinazo zote tatu: *ja* safi ni mti, *ja* ya pumzi ni anavaa, *ja* ya mkwaruzo ni anabeba. Watoto wa huko hujifunza kama wetu wanavyojifunza "ng'ombe", bila kuumwa koo.

Kwa hiyo mwache binti. Mpigie simu asubuhi, umsikilize akicheka au akimwita mwenzake kwa mbali. Sauti ikifunguka, ni mtindo. Ikikwaruza hata akiita, au akilalamika kwamba koo linachoka, hapo ni jambo jingine.

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, Tukuyu. Nina watoto zaidi ya 80 darasani. Tangu mwezi wa pili sauti imekuwa ya upepo, jioni inakauka kabisa. Nimetumia tangawizi na asali. Naongea kwa kunong'ona ili niipumzishe, lakini wapi.

Marahaba, mwalimu. Chukua simu yenye saa. Vuta pumzi ya kutosha, toa "sss" mpaka iishe, andika sekunde. Pumzika, kisha fanya hivyohivyo kwa "zzz". Rudia mara tatu, chukua ile ndefu zaidi ya kila moja.

Mantiki yake ni hii. "Sss" haihitaji nyuzi za sauti. Inapima mapafu na namna unavyoitawala hewa. "Zzz" inazihitaji. Kwa mtu mzima mwenye afya, sekunde hukaribiana. Tuseme wewe umepata 17 kwa "sss" na 9 kwa "zzz". Gawa 17 kwa 9, unapata karibu 1.9. Ikizidi 1.4, tunashuku kwamba nyuzi hazifungi vizuri. Mapafu yako yana hewa, ila inavujia njiani. Ungepata 8 na 8, ningeanza kuuliza habari za kifua. Ila usijitangazie afya kwa sababu umepata 1: kipimo hiki hukosa wagonjwa wengine, na anayethibitisha ni daktari anayeziona nyuzi zenyewe kwa kioo au kamera.

Kwa mwalimu anayepaza sauti kila siku, ninachokitarajia kwanza ni vinundu. Ni kama sugu ya mkono wa mpiga jembe: huota viwili, kimoja kila uzi, mahali nyuzi zinapogongana kwa nguvu zaidi. Vikikutana, nyuzi haziwezi kufunga mbele na nyuma yake, na hapo ndipo upepo unapopita. Kwa kawaida matibabu huanza na mazoezi ya sauti na kupunguza kupaza, si kisu. Piga makofi au kengele kuwanyamazisha watoto, kunywa maji, kaa mbali na moshi wa kuni. Kunong'ona acha: wengi wakinong'ona hubana koo zaidi. Ongea taratibu kwa sauti yako ndogo, au nyamaza.

Lakini tangu mwezi wa pili ni muda mrefu. Sauti iliyobadilika kwa zaidi ya wiki tatu au nne inatakiwa ionwe na daktari wa masikio, pua na koo. Nenda mapema zaidi kama kuna damu, uvimbe shingoni, chakula kupita kwa shida, au kama mtu anavuta sigara. Akikosa hewa au akitoa mlio anapovuta pumzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Mama yangu, Njombe, alitolewa rovu. Tangu siku ile anaongea kwa upepo, na akinywa maji anakohoa. Wanasema ni mafua ya baridi.

Mafua hayaanzi siku ya upasuaji. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa sauti hupita nyuma ya tezi hiyo, na unaweza kuumia au kuvutwa tezi inapotolewa. Uzi mmoja ukilala pembeni, mwenzake hauna wa kukutana naye. Sauti inavuja, na maji yanapata mlango wa kuingia upande wa mapafu. Mara nyingi mshipa huo hurudia kazi ndani ya miezi 6 hadi 12, na ukichelewa zipo njia za kuusogeza uzi uliolala. Lakini huko kukohoa kusingoje: mrudisheni kwa waliompasua wiki hii, na kwa sasa anywe akiwa ameketi, kidevu chini, funda dogodogo.