Kujizuia punyeto ili kupandisha testosteroni: siku ya saba ina nini?

Vijana wengi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanapozungumza siku hizi juu ya kujizuia punyeto, huwa wanamaanisha mpango wenye kalenda. Kijana huweka nia ya kutojichua kwa siku saba, thelathini au tisini, akiamini kwamba manii yasiyotoka yatamwongezea testosteroni, homoni ya kiume, katika damu, na kwamba testosteroni hiyo itampa misuli, ndevu, sauti nzito na ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Mtu anayejizuia kwa ajili ya imani yake ana sababu zake, na hazihitaji kipimo cha maabara. Lakini anayesema kwamba homoni yake imepanda ametoa dai juu ya damu, na damu hupimwa. Mimi hufundisha biolojia katika sekondari hapa Bukavu, na swali hili huletwa kwangu baada ya kipindi, kwa sauti ya chini, na wanafunzi ambao hawana mtu mwingine wa kumwuliza. Kwa hiyo naona inafaa nilijibu kikamilifu.

Tuanze na picha iliyomo vichwani. Wengi huufikiria mwili wa mwanaume kama bidoni: ukimwaga kila siku, inabaki tupu, ukiifunga, inajaa nguvu. Picha hiyo inakosea tangu mwanzo, kwa sababu testosteroni haikai ndani ya manii. Hutengenezwa kwa sehemu kubwa sana na chembe ziitwazo chembe za Leydig, zilizomo ndani ya korodani, nazo huitoa moja kwa moja kwenye damu. Manii yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mililita chache tu kila yanapotoka, ni majimaji yanayotoka zaidi kwenye vifuko vya shahawa na kwenye tezi dume, pamoja na mbegu ambazo ni sehemu ndogo. Kiasi cha testosteroni kinachotoka na majimaji hayo ni kidogo mno, hata kwamba kukitunza hakuongezi kitu. Mbegu zisizotoka nazo hazigeuki kuwa nguvu nyingine: hutoka katika ndoto za usiku au kwenye mkojo, au huvunjwavunjwa na mwili wenyewe.

Kiwango cha testosteroni hutawaliwa kutoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, ambayo si kubwa kuliko punje ya haragwe, itoe homoni nyingine inayoandikwa LH. Homoni hiyo husafiri na damu hadi kwenye korodani na kuzichochea zitengeneze testosteroni. Na testosteroni inapozidi, ubongo huhisi na kupunguza amri. Utaratibu huu unafanya kazi mchana na usiku, kijana awe amejichua au amejizuia, na kazi yake ni kukirudisha kiwango mahali pake kila kinapotaka kupanda au kushuka.

Basi habari kwamba testosteroni hupanda siku ya saba ilitoka wapi? Ilitoka kwenye utafiti wa kweli, na ndiyo maana inastahili kusomwa kwa makini kuliko kupuuzwa. Mwaka 2003 watafiti wa China walichapisha matokeo ya wanaume 28 waliojitolea kupimwa damu kila siku baada ya kutoa manii. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 5 kiwango cha testosteroni kilibadilika kidogo sana. Siku ya 7 kilionekana kilele, kikafika asilimia 145.7 ya kiwango cha mwanzo. Baada ya hapo, ingawa waliendelea kujizuia, hapakuonekana tena mabadiliko yenye mpangilio.

Namba hiyo imesomwa vibaya na watu wengi. Kufika asilimia 145.7 ya mwanzo ni kuongezeka kwa asilimia 45.7, si kuongezeka kwa asilimia 145, kama inavyorudiwa katika jumbe za simu. Halafu kile kilele ni cha siku moja. Anayejizuia siku tisini kwa kutegemea utafiti huo anaegemea karatasi ambayo haisemi anachokitaka, kwa kuwa utafiti wenyewe haukuonyesha kiwango kikiendelea kupanda wiki baada ya wiki. Isitoshe, mwaka 2021 makala hiyo iliondolewa na jarida lililoichapisha, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha kuchapishwa kwa Kichina. Kosa hilo ni la uchapishaji, na peke yake halithibitishi kwamba vipimo vilikuwa vya uongo. Ila linatukumbusha kwamba madai makubwa yanaegemezwa kwenye watu 28 tu.

Utafiti mwingine unaotajwa mara nyingi ulifanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2001, kwa wanaume 10 waliojizuia wiki tatu. Watafiti walichota damu kabla, wakati na baada ya kufika kilele kwa kujichua. Kufika kilele hakukubadilisha testosteroni. Homoni iliyopanda ni prolaktini. Hata hivyo, testosteroni ilikuwa juu zaidi baada ya zile wiki tatu kuliko kabla yake, na sitaki kulificha hilo, maana ndilo jambo lililo upande wa wanaojizuia. Lakini watu 10 ni wachache mno kujengewa kanuni ya wanaume wote, na utafiti huo haukuonyesha kwamba wameota misuli wala ndevu.

Kwa nini basi kijana huyu au yule huja na karatasi ya maabara inayoonyesha kwamba kiwango chake kimepanda kweli? Tuchukue mfano nilioutunga kwa makusudi, kwa sababu unabeba makosa mawili yanayotokea kirahisi. Kijana wa miaka 22, anayenyanyua vyuma jioni karibu na Nyawera, anapimwa damu saa kumi alasiri, akitoka kazini. Karatasi inaandika 4.1 ng/ml. Anajizuia siku saba, anarudi siku ya nane saa moja asubuhi kabla ya kula, na karatasi inaandika 5.2 ng/ml. Anafanya hesabu: ongezeko la karibu asilimia 27. Anafurahi, na rafiki zake wanaanza kalenda zao siku hiyohiyo.

Kilichobadilika zaidi kati ya vipimo hivyo viwili ni saa ya kuchota damu. Kwa wanaume vijana testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka kadiri mchana unavyosonga, na tofauti ya asilimia 20 hadi 30 kati ya asubuhi na alasiri ni ya kawaida. Kijana wetu angeweza kupata namba zilezile bila kujizuia hata siku moja. Hata vipimo viwili vya asubuhi mbili tofauti haviwi sawasawa kwa mtu mmoja, na ndiyo sababu madaktari wa homoni hawampi mtu jina la mgonjwa wa upungufu kwa kipimo kimoja.

Kosa la pili ni la vizio. Tuseme damu ya pili aliipeleka kwenye maabara nyingine inayoandika kwa nmol/L. Kiwango kilekile cha 4.1 ng/ml, kikiandikwa kwa kizio hicho, ni kama 14.2. Kijana anayesoma namba bila kusoma herufi zilizo pembeni yake ataamini kwamba testosteroni yake imezidi mara tatu ndani ya wiki, na hakuna kilichobadilika isipokuwa namna ya kuandika. Anayetaka kujilinganisha kwa haki anapaswa kupimwa asubuhi kabla ya saa nne, bila kula, kwenye maabara ileile, zaidi ya mara moja kabla na zaidi ya mara moja baada, na asipimwe akiwa na malaria au homa nyingine, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huweza kuishusha testosteroni kwa muda.

Tukubali hata hivyo kwamba kile kilele cha siku ya saba kipo. Kingemfanyia nini? Misuli hujengwa kwa wiki na miezi ya mazoezi, chakula na mapumziko, na kupanda kwa siku moja ndani ya mipaka ya kawaida hakuachi alama juu yake. Sauti ya mwanaume huwa nzito wakati wa balehe, koo linapokua, na baada ya hapo haiendelei kushuka kwa kalenda. Ndevu hutegemea sana urithi, yaani jinsi mashina ya nywele ya mtu huyo yanavyoitikia homoni aliyonayo tayari. Ndugu wawili wenye kiwango kinachokaribiana wanaweza kutofautiana kabisa mashavuni.

Wapo wanaoniambia, «Mwalimu, mimi najisikia vizuri zaidi nikijizuia,» nami nawaamini. Nikiwauliza usiku wao ulikuwaje zamani, wengi husema walikuwa wakibaki na simu mkononi hadi saa saba au saa nane za usiku, wakitazama picha za ngono. Walipoacha punyeto waliacha pia kukesha. Usingizi una ushahidi mzuri kuliko kalenda: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, vijana 10 wenye afya waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa kijana anayelinda lango la mtu usiku kucha na kuingia darasani asubuhi, hapo ndipo pa kutazama kwanza, na pengine uzito wa mwili, kwa kuwa mafuta mengi tumboni huambatana na testosteroni ya chini.

Upungufu wa kweli upo, na dalili zake hazifanani na uchovu wa kawaida: hamu ya tendo inapotea kwa miezi, uume hausimami tena asubuhi, nywele za mwili zinapungua, korodani zinasinyaa, au mke hashiki mimba. Mwenye dalili hizo aende kwa daktari, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa kwenye korodani zilizoumizwa na matumbwitumbwi au kwenye pituitari, na kujizuia hakutibu kimojawapo. Anayekata tamaa na kalenda, akashawishiwa kwenye ukumbi wa mazoezi achomwe sindano ya testosteroni, ajue kinachofuata ndani yake: ubongo unaona homoni nyingi katika damu, unanyamazisha LH, korodani zinaacha kufanya kazi yake na kusinyaa, na mbegu zinaweza kupungua hadi zisionekane kabisa kwenye kipimo. Akiacha sindano, kurudi kwa mbegu huchukua miezi mingi, na kwa wengine hata zaidi ya mwaka.