Kumwandikia mwenzi wako kuhusu mshauri wa ndoa bila kumshitaki

Kwenye chumba chetu cha ushauri, watu huja na simu mkononi. Kabla hata ya kukaa vizuri, mke au mume hufungua ujumbe na kuniambia, "Soma mwenyewe. Nilimwomba kwa upole tuje wote, akanijibu kwa hasira." Nikisoma, mara nyingi namwamini kwamba nia yake ilikuwa ya upole. Lakini naelewa pia kwa nini aliyeupokea alikasirika. Lawama ilikuwemo, imejificha mahali ambapo mwandishi hakupaona.

Kwanza niseme maandishi haya hayamhusu nani. Kama mwenzi wako anakupiga, anakutishia, anakuzuia kutoka au anakufanya uyapime maneno kwa hofu, usimwandikie barua ya kumwomba mwende pamoja. Ushauri wa wanandoa unahitaji watu wawili wanaoweza kusema ukweli mbele ya mwenzake kisha wakarudi nyumbani salama. Penye hofu hakuna usalama huo, na barua yenyewe inaweza kukuletea madhara. Nenda wewe peke yako kwanza, kwa mtu anayeshughulikia usalama wa walio kwenye ukatili.

Kwa wengine, kuandika kuna faida yake. Unapata muda wa kufuta. Mwenzi naye anapata muda wa kusoma mara ya pili kabla ya kujibu. Shida ni kwamba karatasi haina sauti. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti kuhusu barua pepe. Waandishi waliamini kwamba wasomaji wangetambua kama wanasema kwa dhati au kwa kejeli karibu mara 8 kati ya 10, lakini wasomaji walipatia zaidi kidogo tu ya nusu. Wewe unapoandika unaisikia sauti yako ya huruma kichwani. Mwenzi wako, ambaye pengine bado ana donge la juzi, anaisoma kwa sauti aliyoisikia mara ya mwisho mlipogombana.

Nichukue mfano nilioutunga kutokana na ujumbe wa namna hii ninaokutana nao mara kwa mara. Mama Salma anamwandikia mumewe:

"Baba Salma, nimechoka. Siku hizi hunisikilizi kabisa, kila nikianza kuongea unachukua simu na kutoka nje. Nahisi kwamba hunijali tena. Nimedharauliwa vya kutosha. Umebadilika sana tangu upate kazi mpya. Naomba twende kwa mshauri wa ndoa ili akusaidie kuelewa ninachopitia."

Hakuna tusi hapo, na ombi limo. Ila tuusome kama Baba Salma.

Katika Kiswahili, mtuhumiwa hakai peke yake kwenye sentensi. Anakaa ndani ya kitenzi. Ndiyo maana mtu anaweza kufuta kila "wewe" kwenye barua yake na bado ikabaki ya mashitaka. Chukua kalamu uzungushie duara kila kitenzi kinachomtaja mwenzi wako kama mtendaji: hunisikilizi, unachukua, hunijali, umebadilika. Kwenye ujumbe mfupi namna hii, Baba Salma ameshasomewa makosa manne kabla hajafika kwenye ombi. Akifika hapo atakuwa anatafuta majibu ya kujitetea, wala hatakuwa anafikiria kwenda popote.

Kuna lawama mbili ambazo ni rahisi kuzipita hata ukiwa na kalamu mkononi, na ndizo zinazowaponza watu waangalifu. Ya kwanza ni "nahisi kwamba hunijali". Inaanza na hisia yangu, lakini baada ya "kwamba" inafuata hukumu juu yako. Hisia yenyewe huwa ni neno moja au mawili: nina huzuni, naogopa, najiona mpweke. Ikihitaji "kwamba" halafu kitenzi cha mtu mwingine, hiyo ni tuhuma.

Ya pili ni "nimedharauliwa". Kitenzi kinaanza na "ni", kwa hiyo mwandishi anadhani anajisemea mwenyewe. Lakini kauli ya kutendwa inadai mtendaji, na ndani ya nyumba ya watu wawili hakuna wa kumtafuta mbali. Nimepuuzwa, nimetengwa, nimesahauliwa ni maneno ya aina hiyo hiyo. Na yanauma kuliko kutajwa waziwazi, kwa sababu yana harufu ya mafumbo. Vivyo hivyo na kusema "kuna watu humu ndani hawapendi kuambiwa." Mwenzi anayesoma fumbo hujaza jina lake mwenyewe, tena kwa hasira zaidi.

Halafu kuna sentensi ya mwisho, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyouharibu ujumbe wote. "Naomba twende" ni yetu sote. "Ili akusaidie" ni yako peke yako. Kile kisilabi "ku" kimeshamtaja mgonjwa ni nani na nani amemsindikiza. Watu wengi wanaokataa ushauri hawakatai mazungumzo. Wanakataa kupelekwa. Wanaona chumba ambamo wawili watakaa upande mmoja na wao watakuwa upande wa pili wakijibu mashitaka. Maneno kama "nikupeleke", "akueleweshe" na "aje atuamue" huichora picha hiyo hiyo. Mshauri wa ndoa hapaswi kuwa hakimu, na barua isimfanye hakimu.

Mama Salma alipoandika upya, baada ya kulala usiku mmoja, ilitoka hivi:

"Baba Salma, nimeona niandike kwa sababu kwa mdomo huwa napandisha sauti, na jambo hili sitaki niliharibu hivyo. Jumamosi usiku tulipoanza habari ya ada, dakika chache tu kila mtu alikuwa chumba chake. Nilikaa macho hadi usiku sana, nina huzuni, maana nilitaka tumalize tukiwa pamoja. Najua nilianza kwa lawama kabla hata hujavua viatu. Nayatamani mazungumzo yetu ya zamani, yale ya kukaa hadi tunasahau muda. Ningependa tukae na mshauri wa ndoa, mimi na wewe, mara moja kwanza, tuone kama atatusaidia kuzungumza bila kuishia pale. Sijamweleza mtu yeyote, na mshauri sijamchagua, ningependa tumchague pamoja. Wewe unalionaje? Si lazima unijibu leo."

Angalia kilichobadilika. "Siku hizi" na "kabisa" zimeondoka, Jumamosi moja imeingia. Tukio moja lenye siku yake linaweza kukumbukwa na wote wawili. "Kila siku" hulazimisha mtu atafute siku moja ambayo hakufanya hivyo, na akiipata ameshinda mabishano, na barua imekufa. Chagua tukio la karibuni, dogo, ambalo hata wewe una sehemu yako ndani yake. Usichague baya kuliko yote. Lile baya kuliko yote liache mkalifungue mbele ya mshauri.

Sehemu yake mwenyewe ameitaja kwa sentensi moja: alianza kwa lawama kabla mume hajavua viatu. Ni kweli, na ina picha. Kukiri kwa jumla, kama "najua na mimi nina mapungufu yangu", hakumgusi mtu, kwa sababu kila mwanadamu anayo. Wala asiongeze "lakini" baada yake. "Nilianza kwa lawama, lakini nawe ulinichokoza" ni sentensi inayochukua kwa mkono wa kushoto ilichotoa kwa wa kulia.

Neno "tu" limefanya kazi kubwa: tulipoanza, tumalize, tukae, atatusaidia. Hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana "tu" nayo hudanganya. Mtu akiandika "tumekuwa hatuwajibiki nyumbani" huku yeye anaamka alfajiri kila siku, msomaji anajua anayesemwa ni nani. Tumia "tu" kwa yale ambayo kweli ni ya wote wawili, na "ni" kwa yako. Na kitenzi cha mwenzi si haramu. "Unalionaje?" kinamtaja yeye, lakini kinampa nafasi ya kusema.

Ombi nalo limekuwa dogo. Kikao kimoja, mshauri wa kuchaguliwa na wote. Watu huniambia walishaweka miadi kabisa ili mwenzi asipate kisingizio. Naelewa uchovu unaowafikisha hapo, ila mwenzi akikuta siku na saa vimepangwa, anajiona ameitwa shaurini. Na kama umeshakutana na mshauri huyo mara tatu ukamweleza yote, mwambie hivyo kwa uwazi na umpe nafasi ya kumtafuta mwingine ambaye hajasikia upande mmoja.

Sentensi ya kwanza ina uzito wake pia. Mwaka 1999 Sybil Carrère na John Gottman walichapisha utafiti wa wanandoa wapya waliorekodiwa wakijadili jambo wanalogombania kwa dakika 15. Dakika 3 za mwanzo zilionyesha tofauti kati ya wale waliokuja kuachana na wale waliobaki pamoja. Utafiti huo ulikuwa wa mazungumzo ya mdomo, lakini naona jambo hilo hilo kwenye barua: "Nimechoka" ikiwa neno la kwanza, yote yanayofuata husomwa kwa ukali wake. Sababu ya kuandika badala ya kusema ni mwanzo mzuri, kwa sababu mwenzi anaishangaa barua kabla ya kuisoma.

Usitume akiwa kazini au njiani, wala saa moja baada ya ugomvi. Kama mnalala nyumba moja, karatasi ni bora kuliko simu. Simu humwonyesha mwandishi kwamba ujumbe umesomwa, na hapo huanza kuhesabu dakika. "Umeona ujumbe wangu?" baada ya robo saa huifuta "si lazima unijibu leo". Mpe siku 3 au 4, na katika siku hizo muishi kama kawaida, bila kununa wala bila wema wa ghafla unaodai jibu.

Akisema "nitafikiria", mwulize lini angependa mlizungumze tena, kisha uache. Akisema "kwani una nini hasa cha kwenda kumwambia mtu?", usisikie ukali tu. Mara nyingi huyo anaogopa siri zake kutoka nje, kwa hiyo mweleze kwamba mnaweza kukubaliana mapema mambo gani hayataguswa kwenye kikao cha kwanza, na kwamba mshauri anaulizwa tangu mwanzo namna anavyotunza siri. Na akisema "mimi sina tatizo, nenda wewe", nenda. Mshauri anaweza kufanya kazi na mmoja kuhusu namna yeye anavyoanza mazungumzo na anavyojibu. Ukirudi nyumbani usije na "mshauri amesema wewe..." Ukiulizwa, sema ulichojifunza kuhusu wewe mwenyewe, na umwambie kiti cha pili bado kipo.