Picha ya Fomu Haikuonyeshi Unene wa Zege

Picha za namna hii tunaletewa mara kwa mara: fomu ya mbao ya kumwagia zege imeshafungwa, vipimo vimeandikwa kwa chaki juu ya mbao, na mwenye jengo anataka kujua aagize zege kiasi gani.

Tuchukue fomu ya slabu inayomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Ubao mrefu umeandikwa 6.25, mfupi 4.05, na pembeni kuna 150. Mbili za kwanza ni mita, ya tatu ni milimita. Mwenye haraka atazidisha 6.25 × 4.05 × 0.15, apate mita za ujazo 3.80, kisha apige simu.

Cha kwanza, uliza kipimo kilianzia wapi. Zege hukaa ndani ya fomu, lakini fundi mara nyingi hupima ubao mzima, nje kwa nje. Mbao hizi zina unene wa milimita 25 kila upande, kwa hiyo ndani ni 6.20 kwa 4.00, yaani mita za mraba 24.8. Ukizidisha kwa 0.15 unapata 3.72. Tofauti ni ndogo, kama toroli moja hivi. Pima na ulalo pia: kona zikiwa mraba, lalo zote mbili zitasoma karibu mita 7.38. Usijaribu kukisia urefu kwa kuupima kwenye picha yenyewe, maana ubao ulio karibu na kamera huonekana mrefu kuliko wa mbali.

Hasara kubwa iko kwenye ile 150. Hicho ni kimo cha ubao, si unene wa zege. Kifusi hubonyea katikati, na picha iliyopigwa kutoka juu hukionyesha kama kimenyooka. Vuta uzi kutoka ubao mmoja hadi wa pili, ukazwe barabara, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi chini katika sehemu tisa: mistari mitatu, kila mmoja sehemu tatu. Tuseme futi inasoma 155, 165, 160; 170, 185, 175; 160, 175, 165. Wastani ni 168.

Sasa 24.8 × 0.168 ni 4.17. Yule wa 3.80 ameshapungukiwa na 0.37, na mita mbili za mraba na zaidi zitabaki wazi huku zege la jirani likianza kukauka. Likija jingine saa kadhaa baadaye halitashikana vizuri na la kwanza, na ufa hupenda kupita hapohapo.

Ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kubaki kwenye vyombo: 4.38. Agiza 4.5. Nondo usizitoe kwenye hesabu, nafasi yake ni ndogo mno. Lakini kama kingo zimechimbwa mtaro ili slabu iwe nene pale, mtaro huo una hesabu yake: urefu, upana, na kina kinachozidi chini ya slabu.

Kwa hiyo ukitutumia picha, ongeza moja ya pili, uzi ukiwa umevutwa na futi imesimamishwa katikati ya fomu, namba zisomeke.